Kukokotoa kazi ya juu kabisa ya betri kutokana na nishati huru: mfano wa seli ya Daniell

Nimetoka kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa amekwama kwenye swali hili: betri ikifanya kazi halijoto na kanieneo vikiwa havibadiliki, ni kiasi gani cha nishati ya mmenyuko kinaweza kugeuka umeme, na kwa nini si chote? Tutatumia seli ya Daniell ya mwaka 1836, kwa sababu mmenyuko wake ni mwepesi kuufuata.

Hatua ya 1: Andika mmenyuko na uhesabu elektroni

```
Zn + Cu2+ -> Zn2+ + Cu      n = 2
```

Hatua ya 2: Tenga kazi ya kutanuka

Kazi inayoingia kwenye seli ina sehemu mbili: ya kutanuka, yaani -p dV, na iliyobaki, tuiite w_e. Hapa w_e ni umeme. Mabadiliko yakienda polepole kiasi cha kurejeshika, joto linaloingia ni T dS. Basi, U ikiwa nishati ya ndani, S entropi na G nishati huru:

```
dU = T dS - p dV + dw_e
dG = dU + p dV - T dS = dw_e
```

Kazi ya kutanuka imejifuta yenyewe, kwa kuwa p dV imo ndani ya fasili ya G. Kinachobaki ni kazi ya umeme peke yake. Mabadiliko yasipokuwa ya kurejeshika, joto linaloingia ni pungufu ya T dS, na kazi inayotoka huwa ndogo kuliko upungufu wa G. Ndiyo maana tunasema "ya juu kabisa".

Hatua ya 3: Pima volteji bila kuvuta mkondo

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Volteji inayohusiana na ΔG ni ile ya seli isiyotoa mkondo wowote. Ukiiunganisha na balbu kisha ukasoma volteji, namba unayopata ni ndogo zaidi. Sehemu ya volteji imepotelea kwenye ukinzani wa ndani, hasa kwenye daraja la chumvi, na nyingine kwenye kusukuma mmenyuko kwa kasi juu ya elektrodi.

Mimi hutumia maltimita ya kidijitali yenye ukinzani wa megaohmu 10, na sishauri kabisa voltimita ya mshale kwa kazi hii, maana yenyewe huvuta mkondo na seli ndogo huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kama huna nyingine, pima ukitumia vikinza kadhaa tofauti, chora volteji dhidi ya mkondo, kisha endeleza mstari hadi mkondo sifuri. Tumia mikondo midogo tu, kwa kuwa kwenye mikubwa mstari hupinda. Usomaji ukishuka taratibu huku unautazama, fahamu kwamba bado kuna mkondo unaopita, au ayoni za shaba zimevuka na kuifikia zinki. Zinki itaanza kupata utando mweusi.

Miyeyusho ya salfeti ya zinki na salfeti ya shaba ikiwa na ukolezi sawa, kwenye 298 K utapata takriban volti 1.10. Hiyo ndiyo E katika hatua inayofuata, na F ni chaji ya moli moja ya elektroni.

Hatua ya 4: Kokotoa

```
ΔG = -nFE = -2 × 96485 × 1.10 = -212.3 kJ kwa moli
```

Hatua ya 5: Gawa joto na kazi

Badiliko la enthalpi, ΔH, la mmenyuko huu ni -218.7 kJ kwa moli. Tulizoea kusema kwamba kwenye kanieneo kisichobadilika joto ni sawa na ΔH, lakini kanuni hiyo hudai kusiwe na kazi nyingine isipokuwa ya kutanuka. Betri inakiuka sharti hilo, hivyo joto linalotoka ni 218.7 ukitoa umeme uliopatikana.

Tumbukiza unga wa zinki moja kwa moja kwenye salfeti ya shaba: umeme ni sifuri, na kilojuli zote 218.7 zinatoka kama joto. Iendeshe seli kwenye volti 0.80: umeme ni kilojuli 154.4, joto 64.3. Karibia mkondo sifuri: umeme 212.3, joto 6.4. Mmenyuko ni uleule na ΔG ni ileile katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni njia. Kile kikomo cha 212.3 hukifikii, hukikaribia tu, kwa sababu kadiri unavyokikaribia ndivyo seli inavyochukua muda mrefu kumaliza moli moja.

Zile 6.4 hazigeuki umeme hata ufanyeje. Entropi ya mmenyuko inapungua, kwa hiyo mazingira lazima yapokee angalau joto hilo ili jumla isipungue. Seli ambayo entropi ya mmenyuko wake inaongezeka hufanya kinyume: hunyonya joto kutoka nje, na umeme wake unaweza kuzidi ΔH.

Hatua ya 6: Hakiki kwa halijoto

Pasha seli polepole na usome E. Hupungua takriban volti 0.00011 kwa kila kelvini. Zidisha na nF upate ΔS, kama -21 J kwa kelvini, kisha zidisha na 298: kilojuli 6.3. Ukipata tofauti kubwa, rudi hatua ya 3 kabla ya kugusa hesabu.