Somo: Kutoka vidokezo hadi hadithi, kwa mfano wa kima na papa

Tuchukue ngano ambayo wengi wetu wa pwani tuliilalia utotoni. Ikiandikwa kwa vidokezo huwa hivi:

1. Kima aliishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari.
2. Kila siku alimrushia papa makuyu, wakawa marafiki.
3. Papa alimwalika kima kwao.
4. Kima alipanda mgongoni mwa papa.
5. Katikati ya bahari papa alisema Sultani wao ni mgonjwa na dawa ni moyo wa kima.
6. Kima alisema moyo ameuacha mtini.
7. Walirudi.
8. Kima alipanda mtini, hakushuka tena.
9. Kima alikuwa mjanja.

Hakuna kosa hapo, lakini anayevifuata kimoja baada ya kimoja huishia na sentensi tisa zilizofungwa kwa "kisha" na "halafu". Hapa tunataka hadithi ya maneno 500 hivi, aya tano au sita, isomeke kwa pumzi moja.

Kwanza, tafuta fundo

Vidokezo vyote vina urefu sawa, na huo ndio udanganyifu wake. Ngano hii imefungwa kwenye kidokezo cha 5 na cha 6: hapo kima yuko juu ya maji asiyoweza kuyaogelea, na ana ulimi tu wa kumtoa. Basi nafasi igawe kwa uzito. Katika maneno 500, toa kama 200 kwa fundo hilo. Cha 1 na cha 2 vipate 100, cha 3 na cha 4 vipate 60 vikiwa pamoja, na 140 yabakie kwa marejeo na mwisho. Cha 9 hakipati hata neno moja, sababu yake tutaiona.

Wengi hufanya kinyume: maneno 200 ya kusifu mti, bahari na urafiki, kisha fundo lenyewe sentensi mbili. Ukitaka kujua kama umeangukia humo, hesabu maneno yaliyo kabla ya papa kufumbua kinywa katikati ya bahari. Yakizidi theluthi ya hadithi, kata.

Pili, ziba matundu kati ya vidokezo

Kati ya kidokezo na kidokezo weka swali moja, "kwa nini?" Mengi hujijibu yenyewe. Mawili hayajijibu. Kwa nini papa afichue siri kabla ya kufika? Na kwa nini aamini kwamba moyo unaachwa mtini?

La kwanza jibu lake limo ndani ya ngano: kima hana pa kukimbilia, na papa bado anamwita rafiki, basi neno linamtoka. Inatosha papa apunguze mwendo na aseme "nimekuficha neno". La pili linahitaji kima amlaumu papa kwa kutosema mapema. Mtu anayelaumiwa hushughulika na lawama, akasahau kupima habari. Usitie maelezo marefu ya kwamba papa ni mjinga. Papa mjinga humpunguzia kima ushindi wake.

Lipo tundu la tatu ambalo wasiokaa karibu na maji hawalioni. Papa hufikaje chini ya mti? Maji yakijaa hufika, yakipwa hawezi. Kwa mtu wa Lamu hili halihitaji kuelezwa, na linakupa saa ya hadithi bure: papa huja na maji, na hana budi kuondoka nayo. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita, kwa hiyo safari na marejeo yake vibane humo, au vipitie maji ya pili. Ukiandika papa "alingoja siku tatu" chini ya mti, msomaji wa Shela atacheka.

Tatu, viambishi vya wakati

Hapa ndipo aya zinapotiririka au kukwama. Kidokezo huandikwa kwa -li-, kwa kuwa kila kimoja kinasimama peke yake. Hadithi hufungua kwa -li- kuweka wakati, kisha huendeshwa na -ka-, ambayo ndani yake tayari mna "kisha". Ukiandika "kisha akapanda, halafu akaita" umesema jambo moja mara mbili. Kwa lililokuwa likiendelea pembeni tumia -ki-, na kwa mazoea hu-. Ukibadili mandhari, kwa mfano baada ya kurudi mtini, rudi kwenye -li- au -lipo- mara moja, ndipo uendelee na -ka-. Mlolongo wa -ka- kumi na tano bila kupumzika huchosha sawa na wa -li-.

Ufunguzi, vidokezo 1 na 2:

"Mkuyu ule uliinamia maji, nusu ya matawi yake nchi kavu na nusu baharini, na juu yake aliishi kima. Kila maji yalipojaa, papa alikuja mpaka chini ya matawi akatoa kichwa, naye kima akamrushia makuyu mabivu. Yakianza kupwa, papa hurudi zake kilindini."

Neno "marafiki" halimo. Anayerushiwa matunda kila siku akaja tena kesho haulizwi ni nani wako.

Nne, fundo kwa mazungumzo

Kidokezo husimulia kauli ("alisema kwamba"). Katika fundo, igeuze kauli hiyo iwe ya moja kwa moja, na kwingine iache ilivyo. Mwaliko wa kidokezo cha 3 hauhitaji mazungumzo. Sentensi moja yatosha: papa alimwambia kwamba kwao nao wana haki ya kumkirimu mgeni, kima akapanda mgongoni.

"Walipofika mahali ambapo mkuyu umekuwa kama kijiti, papa akapunguza mwendo.

'Sahibu yangu, nimekuficha neno. Sultani wetu mgonjwa, na dawa aliyoambiwa ni moyo wa kima.'

Kima hakujibu papo hapo. Maji yalikuwa yakimpiga miguuni, na kila alikogeuka ni bahari tupu.

'Ungeniambia kulekule,' akasema, 'ningeuchukua.'

'Kwani hunao?'

'Sisi kima tukitoka huiacha mioyo yetu mtini. Sasa wataka unifikishe mikono mitupu, Sultani akuulize umeleta nini?'

Papa akageuka."

Tazama kinachofanya kazi. Kunyamaza kwa kima ni sentensi mbili tu, lakini ndimo anamofikiri, na msomaji anafikiri naye. Lawama inakuja kabla ya uongo. Na "papa akageuka" imeachwa peke yake, bila "kwa haraka" wala "kwa furaha". Baada ya haya, kuandika "kima alikuwa mjanja" ni kumweleza msomaji alichokiona kwa macho yake. Ndiyo maana kidokezo cha 9 kimefutwa. Kila kidokezo chenye "alikuwa mjanja", "alikuwa mbaya", "alihuzunika" kigeuze kiwe tendo au kauli. Kisipogeuka, kitupe.

Tano, mwisho

"Kima alipogusa tawi alipanda mpaka kileleni, akakaa. Papa akaita. Kimya. Akaita tena, kuyu moja likadondoka likaelea mbele ya pua yake. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Alipohisi mchanga ukimgusa tumbo, akageuza, akaenda zake."

Kuyu lile lile la mwanzo limerudi. Hilo ni jambo dogo linalofaa kutafutwa katika vidokezo vya kwanza kabla ya kuandika mwisho: kitu gani kilitajwa ambacho kinaweza kuonekana mara ya pili?

Ukimaliza, isome kwa sauti. Pale ulimi unapotaka kuongeza "basi" au "bwana" bila kuandikwa, ujue pana pengo kati ya sentensi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Malindi: Wanafunzi wangu huandika -li- mwanzo hadi mwisho. Niwape kosa?

Jibu: Sarufi hawajakosea, mwalimu wangu, ila mtiririko hawana. Wape aya moja ya sentensi sita, waache -li- ya kwanza na wazigeuze tano zilizobaki kuwa -ka-. Hapo litajitokeza kosa la kweli: "akakula", "akakuja". Vitenzi vya silabi moja hubeba ku- penye -li- (alikula), lakini penye -ka- na -ki- huiacha: akala, akaja, akila. Na -ka- hii haina ukanushi wake wa kawaida. "Hakushuka" ndiyo njia, hata ikiwa katikati ya mlolongo wa -ka-.

Msomaji, Faza: Bibi zetu husimulia kwa lahaja zetu za visiwani. Kuisanifisha si kuiua?

Jibu: Msimulizi na aandike sanifu kama wasomaji wako ni wa kila mahali, na wahusika wazungumze kama wanavyozungumza. Mhusika wa Amu aseme "ndia" badala ya njia, "mato" badala ya macho. Chagua maneno machache kama haya na uyashike hadithi nzima. Mhusika akisema "mato" aya ya pili na "macho" aya ya nne, msomaji atadhani ni kosa la chapa.

Msomaji, Shela: Nianze na "Paukwa! Pakawa!"?

Jibu: Wito huo unangoja mtu aitikie, na msomaji wa maandishi hana sauti ya kuitikia. Ukiandikia watoto wasomewe, uweke. Ukiandikia msomaji wa kimya, picha ya mti inamshika upesi zaidi.

Mwalimu, Malindi: Na kisa cha punda wa dobi ambacho kima humsimulia papa kutoka mtini? Vidokezo vyako umekiacha.

Jibu: Kimeachwa kwa makusudi, mwalimu. Punda anaitwa na sungura aende kwa simba, anaponea chupuchupu, anaitwa tena anaenda, anauawa. Sungura anakula moyo na masikio, kisha anamwambia simba punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Ni kisa kizuri chenye fundo lake, kwa hiyo kinataka si chini ya maneno 300. Ndani ya 500 kitameza bahari yote. Andika 900 au zaidi ndipo ukitie, baada ya papa kuita mara ya pili, na kisimuliwe na kima mwenyewe kwa maneno yake.

Msomaji, Faza: Nimepata vidokezo kwa nyanya yangu, na cha katikati hakukumbuka. Nikitunge?

Jibu: Ikiwa unakusanya ngano zihifadhiwe, acha tundu hilo wazi na uandike kwamba msimulizi hakulikumbuka. Ikiwa unaandika hadithi, liunge kwa sentensi moja au mbili zisizoleta mhusika mpya. Na vyovyote vile karatasi ya vidokezo vya nyanya iweke kando kama alivyovisema, usiandike juu yake.