Mchanga wa kujengea si lazima ufae kupiga lipu

Kwa kujengea tofali, saruji ndoo 1 kwa mchanga wa mto ndoo 6 inatosha, na chenga kidogo hazina shida. Lipu ya nje ni 1 kwa 4, na mchanga uchekechwe kwanza. Punje moja kubwa ikinasa chini ya rula inachora mfereji ukutani.

Dasti ya kokoto naikubali kwenye kujengea, hasa ukiichanganya nusu kwa nusu na mchanga wa mto. Kwenye lipu ina unga mwingi, inadai maji, na ikikauka ukuta unajaa nyufa kama utando wa buibui.

Wa bahari achana nao, hata kama uko hatua mbili kutoka kiwanjani. Chumvi yake hunyonya unyevu: niliwahi kuona ukuta umeota ukungu mweupe na rangi ikibanduka vipande.

Hata wa mto upime. Tia mchanga sentimita 10 kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, uache saa 3. Tope la juu likizidi milimita 8, uoshe au urudishe lori.