Keki za Vijiti na Trufli za Makombo: Kushikiza Donge na Kuzuia Gamba Kupasuka

Wengi gamba la chokoleti linapopasuka huilaumu chokoleti, ilhali mara nyingi chanzo cha ufa ni donge la makombo ya keki lililo ndani yake. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye donge. Mfano wetu ni gramu 400 za makombo ya keki ya kawaida, yaani vipande vinavyokatwa juu keki inaposawazishwa.

Ondoa kwanza sehemu zilizokauka na kuwa ngumu, kwa kuwa hazilainiki na zitaacha vinundu chini ya gamba. Sugua kilichobaki kwa vidole hadi kiwe chembe ndogo zinazolingana.

Kwa kushikiza chembe hizo napendelea krimu ya siagi, iliyopigwa kwa gramu 30 za siagi na gramu 40 za sukari laini ya unga. Siagi huganda kwenye friji na kulifanya donge liwe imara, jambo ambalo maziwa au sharubati haviwezi kulifanya. Vimiminika hivyo hulowesha tu, na donge hubaki teketeke. Usimimine krimu yote kwa pamoja. Tia nusu, changanya kwa mkono, kisha ongeza kijiko kimoja kimoja, kwa sababu keki yenye mafuta mengi huenda isihitaji hata gramu 50, na keki kavu huenda ikataka zote 70.

Kipimo cha uhakika ni kiganja chako. Finya konzi moja ya mchanganyiko, halafu ibonyeze kwa dole gumba: ikimeguka vipande viwili au vitatu vinavyoshikamana, imefaa; ikisambaratika, ongeza krimu kidogo; ikibonyea kama udongo wa mfinyanzi na kuacha kiganja king'ae mafuta, krimu imezidi, nawe huna budi kuongeza chembe.

Pima gramu 30 kwa kila donge, nawe utapata madonge 15. Lifinye kwa nguvu kabla ya kuliviringisha, ili hewa isibaki ndani. Chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti iliyoyeyuka, kisha ukichomeke hadi nusu ya donge. Trufli hazihitaji kijiti.

Weka madonge kwenye friji, wala si kwenye friza, kwa dakika 30, kisha yatoe na uyaache nje kwa takriban dakika 10. Hapa ndipo ufa huzaliwa au huzuiwa. Donge la baridi kali hugandisha chokoleti papo hapo, nayo hujikaza. Baadaye donge linapopata joto hutanuka, na gamba lisiloweza kutanuka nalo hupasuka. Unataka donge gumu lililopoa kiasi, si lililoganda kama barafu.

Yeyusha gramu 300 za chokoleti ya kupakia, ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, katika bakuli lililo juu ya maji ya moto yasiyochemka sana. Tone la maji likiingia, chokoleti hushikana na kuwa nzito, kwa hiyo futa bakuli vizuri. Ikiwa haichuruziki kwa wepesi kutoka kwenye kijiko, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi. Iache ipoe hadi iwe vuguvugu. Zamisha donge mara moja tu, litoe, kisha gonga mkono ulioshika kijiti taratibu ili ziada idondoke. Trufli ichovye kwa uma, uiweke juu ya karatasi ya kuokea. Gamba nene si ulinzi. Hujikaza kwa nguvu zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, naweza kutumia chokoleti halisi yenye siagi ya kakao?*

Unaweza, lakini ni lazima irekebishwe joto kwa hatua. Chokoleti nyeusi hutumiwa ikiwa kwenye nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi. Usipofuata hatua hizo, hukawia kuganda na kutoka mabaka meupe.

*Mafuta yanachuruzika kwenye kijiti siku ya pili. Nimekosea wapi?*

Angalia mambo mawili: krimu iliyozidi, au tundu lililobaki kijiti kinapoingia. Gamba linalofunika hadi shingo ya kijiti huziba njia hiyo, kwa hiyo zamisha donge lote.

*Donge langu linateleza na kubaki ndani ya bakuli la chokoleti.*

Dada, ama donge ni laini, ama chokoleti ni ya moto au nzito mno. Baada ya kuchomeka kijiti, subiri chokoleti ya nchani igande kabisa, kisha chovya kwa kuzamisha na kuinua moja kwa moja, bila kukoroga. Likiisha kuanguka, litoe kwa uma na ulifanye trufli.