Kabla hujalipa nauli kwenda kuiona pikipiki: namna ninavyosoma picha za wauzaji

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja gereji kwangu, hapa Morogoro, na picha za pikipiki mbili zilizotumika, zote za cc 150, bei zimepishana kidogo tu. Moja iko Dar, nyingine Dodoma. Nauli aliyokuwa nayo ni ya safari moja. "Fundi, nikaione ipi?" Tulikaa na simu yake karibu saa nzima. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Omba picha zinazofanana

Picha za tangazo ziweke kando kwanza. Pikipiki nyingi za aina hii zina ekzosi kulia na cheni kushoto, na muuzaji hupenda kupiga upande wa ekzosi kwa sababu ndio unaong'aa. Ya Dodoma ilikuwa na picha saba, zote za kulia au za mbele. Kwa hiyo tuliwaandikia wauzaji wote wawili ujumbe uleule:

"Samahani kaka, naomba picha za mchana, pikipiki ikiwa kavu: upande wa kushoto mzima, sproketi ya nyuma kwa karibu, alama za kukazia cheni kushoto na kulia, matairi yote mawili pamoja na maandishi ya ubavuni, mabomba ya shokapu za mbele, na chini ya injini. Nitumie kama Document zisipungue ubora."

Hiyo ya Document ina sababu. Picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa, na ukiikuza meno ya sproketi yanageuka ukungu. Neno "kavu" nalo usiliache. Maji huifanya rangi iliyopauka ionekane mpya, tairi lililozeeka lionekane jeusi, na yanaficha oili inayovuja.

Hatua ya 2: Cheni, na usiiangalie cheni yenyewe

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Cheni inasafishika na inabadilishika kwa dakika chache, hivyo kung'aa kwake hakunipi habari yoyote. Ninaangalia vitu viwili vilivyo jirani yake.

Cha kwanza ni meno ya sproketi ya nyuma. Jino zima lina kichwa butu na mabega mawili yanayolingana. Lililolika linakuwa jembamba, lina ncha, na limelalia upande mmoja kama ndoana. Kuza picha, chagua jino moja, linganisha bega lake la kushoto na la kulia.

Cha pili ni mahali ekseli ya gurudumu la nyuma ilipokaa. Kwenye uma wa nyuma kuna mistari midogo, kila upande. Cheni inavyolika inarefuka, na fundi anairudisha ekseli nyuma kidogo kidogo ili kuikaza. Ekseli iliyofika karibu na mstari wa mwisho maana yake cheni imekwisha, hata kama imepakwa grisi vizuri. Pikipiki yenye kava linalofunika cheni yote haikuzuii kuona mistari hiyo, na kava nyingi zina kizibo cha mpira ambacho muuzaji anaweza kukitoa akapiga picha ndani.

Sasa linganisha vitu hivyo viwili. Ya Dar ilikuwa chafu, vumbi limeganda kwenye grisi, lakini meno yalikuwa butu na ekseli iko katikati ya mistari. Vinakubaliana: cheni na sproketi zimetumika pamoja, bado zina maisha. Ya Dodoma cheni ilimetameta, ekseli iko mbele kabisa kana kwamba cheni imetoka dukani, lakini meno yameinama kama makucha. Hapo kuna mambo mawili tu yanayowezekana. Ama wamefunga cheni mpya juu ya sproketi chakavu, nayo italika upesi, au wameikata cheni ya zamani kipande ili ekseli irudi mbele. Vyovyote iwavyo, utanunua seti nzima.

Angalia pia kama ekseli imekaa mstari uleule kushoto na kulia. Ikipishana, gurudumu limekaa upande na tairi linalika vibaya.

Hatua ya 3: Tairi

Tafuta ubavuni kidude chenye mviringo wa yai na tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la Dodoma lilikuwa na kashata ndefu na weusi wa kupakwa dawa, lakini tarakimu zake zilionyesha lina zaidi ya miaka saba. Mpira wa umri huo hukakamaa, na dawa ya kung'arisha hufunika mipasuko myembamba iliyo karibu na rimu. La Dar lilikuwa limelika katikati na kuwa bapa, jambo la kawaida kwa pikipiki inayoshinda kwenye lami. Ukiona maandishi TWI ubavuni, fuata usawa wake hadi kwenye mifereji: kuna kituta kidogo ndani. Kashata ikilingana na kituta, tairi limekwisha. La Dar lilikuwa bado juu yake.

Hatua ya 4: Kutu

Kutu ya spoku, boliti na ekzosi isikutishe, hasa kwa pikipiki ya Pwani. Chumvi ya hewa hufanya hivyo. Inayonihusu iko sehemu mbili. Kwenye bomba la shokapu ya mbele, pale linapoingia na kutoka kwenye sili, vijitundu vya kutu huikwangua sili na oili huanza kuvuja. Na kwenye maungio ya fremu, karibu na stendi na chini ya kiti, rangi iliyovimba kama malengelenge ina kutu chini yake.

Rangi mpya nayo isome. Ya Dodoma fremu ilikuwa nyeusi tii, na weusi huohuo umerukia kwenye waya na mpira wa breki. Aliyepaka hakufungua kitu. Si lazima awe anaficha ufa, ila mimi nisingelipa bila kujua.

Hatua ya 5: Picha isiyokuja

Muuzaji wa Dar alituma zote, moja ikiwa na kidole chake. Wa Dodoma alituma zote isipokuwa ya chini ya injini. Tulipomkumbusha akatuma nyingine, kapiga kutoka juu akiwa amesimama, injini imefichwa na tangi. Mara ya tatu akajibu, "Njoo uione mwenyewe, wateja ni wengi." Kukosa picha moja inaweza kuwa uvivu. Kukwepa picha ileile mara mbili baada ya kukumbushwa, mimi naihesabu kama jibu.

Kijana akaenda Dar. Kwenye picha za Dar tulikuwa tumeona oili kwenye shokapu ya mbele ya kushoto. Ilikuwepo kweli, na kijana alikuwa ameshaitumia kupunguziwa bei kabla hajafika. Ambacho picha haikuweza kutuonyesha ni beringi za usukani: alipoinua gurudumu la mbele na kugeuza taratibu, usukani ulinasa katikati. Alinipigia akiwa amesimama palepale. Nikamwambia atoe gharama ya beringi na ufundi kwenye bei, na muuzaji akakubali.