Mbio za Kupokezana Kijiti kwa Darasa Lenye Mwanafunzi Kiziwi

Mwalimu mwenzangu, mbio za kupokezana kijiti hutegemea sauti mara mbili: mwanzoni, kipenga kinapolia, na katikati, mkimbiaji anapomwambia mwenzake "Shika!" Mwanafunzi kiziwi huachwa nyuma mara zote mbili hata akiwa na kasi kuliko wote. Hivi ndivyo ninavyoendesha kipindi cha 4 x 50 kwenye uwanja wa shule hapa Nairobi, darasa zima likitumia ishara zilezile.

1. Tafuta jua kwanza. Asubuhi, wanafunzi walipe jua mgongo, nawe ulitazame. Likiwa nyuma yako, uso wako unakuwa giza na midomo haisomeki. Adhuhuri jua likiwa utosini, vua kofia, maana kivuli chake hufunika macho na mdomo. Wapange nusu duara, si mistari. Aliye mstari wa tatu huona visogo vya wenzake tu. Kama kuna mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, asimame ubavuni mwako ili mtoto awaone nyote wawili bila kugeuza kichwa.

2. Onyesha, kisha eleza. Usifanye yote mawili kwa pamoja. Mtoto anayetazama mkono wako ukipokea kijiti hawezi wakati huohuo kutazama midomo yako au mkalimani. Basi onyesha kimya, simama, subiri macho yake yakurudie, ndipo useme. Tendo la kupokea lionyeshe ukiwa umewapa ubavu, waone mkono ukienda nyuma na kiganja kikifunguka. Kisha wape mgongo urudie, ili mkono wako wa kulia uwe upande wa kulia kwao.

Usimuulize "Umeelewa?" Karibu kila mtoto ataitikia kwa kichwa. Mwambie akuonyeshe.

3. Anzisha kwa bendera. Kitambaa chekundu kwenye fimbo kinatosha. Simama mbele ya wakimbiaji, kama mita 10, pembeni mwa njia. Bendera juu ni tayari. Ikishuka kwa ghafla, nendeni. Waanze wakiwa wamesimama, kwa sababu aliyeinama kichwa chini haoni bendera. Mwangalie mtoto kiziwi wakati huo: kama anatupia jicho jirani yake, bado anaanza kwa kuwaiga wenzake. Sogea mpaka akuone bila kuhangaika.

4. Weka alama ya kuondokea. Hapa ndipo pa kutulia. Mpokeaji hataitwa, kwa hiyo ardhi ndiyo itamwambia aondoke lini. Kutoka mahali anaposimama, apime nyayo 12 kuelekea anakotoka mleta kijiti, kisigino kikigusa kidole, kisha achore mstari kwa majivu au chaki. Anatazama mstari huo. Mwenzake akiukanyaga, anageuka na kukimbia kwa nguvu zote bila kutazama nyuma. Anapofika hatua ya sita ananyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na kuutuliza. Idadi hiyo ya hatua ndiyo inayochukua nafasi ya "Shika!", na mleta kijiti lazima aijue pia.

Nilikuwa na msichana kiziwi wa Gredi ya Sita aliyepokea kutoka kwa mvulana mwenye mbio kali. Kwa nyayo 12, mvulana alimfikia kabla hajashika kasi, wakagongana mabega. Maana yake msichana alichelewa kuondoka, basi tukausogeza mstari mbali zaidi, nyayo 16. Sasa akamkimbia, mvulana akabaki amenyoosha kijiti hewani. Tukaurudisha hadi 14, kijiti kikaingia kiganjani wote wakiwa kasini. Kanuni ni hiyo: wakigongana, sogeza mstari mbali, asipofikiwa, ulete karibu. Ukibadilisha mmoja wa wawili hao, mpime upya.

Alama ina kasoro moja. Mleta kijiti aliyechoka hupunguza mwendo baada ya kuikanyaga, na mpokeaji hasikii pumzi wala miguu yake. Kwa watoto wanaoanza, au uwanja ukiwa na utelezi wa mvua, mruhusu mpokeaji atazame nyuma hadi akishike. Muda kidogo utapotea, lakini hakuna atakayeanguka.

5. Simamisha kwa mikono ya wote. Puliza kipenga huku ukiinua bendera, na kila anayeiona ainue mkono na kusimama. Aliye mbali ataona mikono ya wenzake kabla hajakuona wewe. Usiruhusu mtu amshike kiziwi kutoka nyuma ili kumsimamisha. Akishtuka akiwa mbioni huanguka.

Zamu za mbio zibadilishwe pia. Walimu wengi humweka mtoto kiziwi mkimbiaji wa kwanza daima ili asipokee kijiti, na hivyo hajifunzi kupokea. Mpe nafasi ya pili au ya tatu, ambako atapokea na kukabidhi pia.