Gari likizima kwenye maji, usipige starti tena

Mvua ya juzi hapa Mikindani imezima gari la jirani, maji yakiwa usawa wa taa. Likizima hivyo, acha ufunguo, lisukumeni nje likiwa nyutro. Hewa hubanika, maji hayabaniki: pistoni ikipanda ikayakuta kwenye silinda, konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, inapinda, pengine inatoboa bloku. Fungua hewa klina. Ikiwa imelowa, toa plagi zote, zungusha puli ya krenki taratibu kwa spana; maji yataruka kwenye matundu ya plagi. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, imwage kwanza. Ila kama lilizima kwa kishindo, huenda konrodi imeshapinda. Dizeli haina plagi hizo. Fundi afungue nozeli.