Somo: Pima sabuni ya vyombo kwa sahani, usiipime kwa unene wake

Kila wiki naulizwa: kati ya sabuni ya mtungi ya sokoni na ile ya chupa ya dukani, ipi ni rahisi? Nimejibu kwa simu, nimejibu sokoni Kibuye, nimejibu hata msibani. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nina hoteli ndogo ya samaki huku Kondele, Kisumu. Kwa siku tunaosha sahani kama mia mbili zilizoshika mafuta ya mbuta na ngege, kwa hivyo sabuni kwangu ni gharama ya kila siku kama unga.

Kabla ya hatua, jua unachonunua. Sehemu kubwa ya sabuni yoyote ya maji ni maji. Kazi inafanywa na kiungo kinachoshika mafuta. Mara nyingi ni SLES, ambayo wauza kemikali huiita ungerol, pamoja na asidi ya sulfoniki iliyoondolewa ukali kwa kostiki soda au magadi. Zaidi ya hapo kuna rangi, manukato, dawa ya kuzuia kuoza, na chumvi. Hiyo chumvi ndiyo inayotuponza. Kazi yake ni kufanya sabuni iwe nzito, haigusi mafuta hata kidogo. Mtengenezaji anaweza kutia ungerol kidogo, akaongeza chumvi mpaka sabuni iteremke polepole kama asali, nawe ukaamini ni kali. Kwa hivyo kuinamisha chupa na kutazama inavyomiminika hakukuambii kitu.

Hatua ya 1. Gawanya bei kwa mililita. Upate senti ngapi kwa mililita moja.

Hatua ya 2. Tafuta beseni, bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa (bila sindano yenyewe), mafuta ya mgando, kijiko cha chai, na sahani zinazofanana.

Hatua ya 3. Paka kila sahani nusu kijiko cha mafuta ya mgando. Sawazisha kijiko kwa kisu, usikadirie kwa jicho.

Hatua ya 4. Weka sabuni mililita 5 kwenye beseni, kisha mimina lita 2 za maji ya vuguvugu kutoka urefu uleule kila mara ili povu liumuke sawa. Maji yawe ya chanzo kimoja na joto moja kwa kila sabuni. Ukipima moja kwa maji ya moto na nyingine kwa maji baridi, umepima maji.

Hatua ya 5. Osha sahani moja moja kwa sponji safi, ukihesabu. Simama povu likishafifia hadi nusu ya uso wa maji iwe wazi. Povu lenyewe halisafishi, lakini mafuta ndiyo yanayoliua, kwa hivyo likifa ujue kile kiungo cha kushika mafuta kimeishiwa. Hakikisha kwa kidole: pitisha kwenye sahani ya mwisho uliyosuuza. Sahani safi hukwaruza kidole kwa mlio mdogo, na yenye mafuta huteleza. Kuna sabuni iliyotiwa kiungo cha kukuza povu ambayo povu hubaki juu huku sahani tayari zinateleza. Hapo amini kidole.

Hatua ya 6. Hesabu. Haya ndiyo niliyopata kwa sabuni tatu, kwa bei nilizolipa mwenyewe.

Ya kwanza ni mtungi wa sokoni, lita 5 kwa shilingi 400, yaani senti 8 kwa mililita. Mililita 5 ni senti 40, na ziliosha sahani 4. Kila sahani ilinigharimu senti 10.

Ya pili ni chupa ya dukani, mililita 750 kwa shilingi 240, yaani senti 32 kwa mililita. Mililita 5 ni senti 160, ziliosha sahani 19. Sahani moja ni kama senti 8 na nusu.

Ya tatu ni mtungi wa sabuni kali kutoka duka la jumla, lita 5 kwa shilingi 900, senti 18 kwa mililita. Mililita 5 ni senti 90, sahani 15. Sahani moja senti 6.

Tazama vizuri. Ile iliyoonekana rahisi mara nne kuliko ya chupa ndiyo ghali kuliko zote. Kwa sahani zangu 200, ya sokoni ni shilingi 20 kwa siku na ya tatu ni shilingi 12. Kwa mwezi hiyo ni tofauti ya shilingi 240. Sisemi kila mtungi wa sokoni ni mbaya, maana jirani yangu amepata mmoja uliofika sahani 11. Ndiyo sababu nasema pima.

Hatua ya 7: kuzimua. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hivyo soma polepole.

Mara ya kwanza kununua sabuni kali nilichukua lita 3, nikaongeza lita 6 za maji ya tangi, nikajaza chupa zote za jikoni. Kesho yake ilikuwa nyepesi kama maji, kwa sababu ule unene wa chumvi huvunjika haraka ukiongeza maji. Wasichana wa jikoni waliona nyepesi, wakawa wanamimina mara tatu zaidi, na faida yote ikaishia kwenye mtaro. Hilo lilikuwa dogo. Baada ya siku kumi na kitu nilifungua chupa iliyokuwa nyuma ya rafu, ikanuka kama yai bovu, na ndani ya shingo yake kulikuwa na utando wa kijivu unaovutika kama ute wa bamia. Sabuni ilikuwa imeoza, na tulikuwa tumeosha vyombo vya wateja kwa chupa zilizokaa kando yake.

Sababu ni hii: dawa ya kuzuia kuoza imepimwa kwa sabuni ilivyo kwenye mtungi. Ukiongeza maji mara mbili ya sabuni, dawa nayo imebaki theluthi moja, na maji ya tangi yameleta vijidudu vyao. Kwa hivyo:

Zimua ya siku mbili tu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ikiisha ioshe na uikaushe kabla ya kujaza, usijazie juu ya mabaki. Ikibadilika harufu, ikivutika au ikijitenga, mwaga. Usiifufue kwa manukato.

Mimi sasa sizimui kwenye chupa kabisa. Napima kwa bomba moja kwa moja kwenye beseni.

Kuhusu zile zilizoandikwa "huua bakteria". Silipii zaidi kwa ajili ya neno hilo. Dawa ya kuua vijidudu inahitaji ukali na muda. Mililita 5 ndani ya lita 2 imepungukiwa nguvu mara 400, na baada ya sekunde chache unaisuuza. Vijidudu huondoka kwa kusuguliwa pamoja na mafuta na kubebwa na maji, na sabuni ya kawaida inafanya hivyo. Septemba 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliondoa viungo 19, triklosani ikiwemo, katika sabuni za kuua bakteria za kunawia mikono na mwili, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kuwa ni salama kwa matumizi ya kila siku kwa muda mrefu wala kuwa zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Uamuzi huo haukuhusu sabuni za vyombo, lakini hoja yake ndiyo hiyohiyo.

Kipindupindu kikitajwa, au mgonjwa akiwa nyumbani, tumia jiki baada ya kuosha na kusuuza. Kama lebo inasema asilimia 3.5, weka mililita 3 kwa lita moja ya maji safi, loweka dakika mbili, kisha acha vyombo vikauke vyenyewe kwenye uchanja. Usifute kwa kitambaa.

MASWALI

Kijana wa Nyalenda: Hiyo yote ni ndefu. Nitajie tu jina la sabuni ya tatu.

*Jibu:* Sitaji. Mtungi wa mwezi ujao unaweza kuwa tofauti, na maji yako si yangu. Bomba la sindano ni bei ya andazi.

Mama Pacha, Kakamega: Mimi huchanganya jiki na sabuni kwenye beseni moja halafu natia ndimu kuondoa harufu ya samaki. Ni sawa?

*Jibu:* Hapana mama, acha leo. Jiki ikikutana na ndimu, siki au dawa ya choo hutoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Hata bila ndimu, jiki kwenye maji machafu ya sabuni inamalizwa na uchafu kabla haijaua chochote. Osha, suuza, kisha jiki peke yake. Harufu ya samaki ipake ndimu kabla ya kuosha, uisuuze kabisa.

Fundi Bomba, Nakuru: Nimepima sabuni moja mara mbili. Kwa maji ya kisima nimepata sahani 7, kwa maji ya mvua 12. Nimekosea wapi?

*Jibu:* Hujakosea kaka, umegundua jambo zuri. Maji ya visima vingi yana kalisi na magnesi, ndiyo tunayaita maji magumu. Yanashikana na kile kiungo cha sulfoniki kabla hakijafika kwenye mafuta. Ukiona birika lako lina ukoko mweupe, ndio huo. Maji ya ziwa hapa kwetu ni laini, ndiyo maana hesabu zangu haziwezi kuwa zako. Jaribu sabuni mbili au tatu kwa maji ya kisima, kwa sababu yenye ungerol zaidi kuliko sulfoniki huvumilia maji magumu. Ukipata namba, tuletee hapa.

Anayesoma Maseno: Umesema sabuni inaweza kuoza. Je, hata ya kiwandani ambayo haijafunguliwa?

*Jibu:* Swali zuri. Inaweza, dawa ya kuzuia kuoza ikipungua. Februari 2023 huko Marekani chupa takriban milioni 4.9 za Fabuloso, dawa ya kusafishia nyumba, zilirudishwa kwa sababu kiungo hicho hakikutiwa cha kutosha na kulikuwa na hatari ya bakteria wa Pseudomonasi. Wanapenda maji na hawahitaji chakula kingi. Kwa mtungi wenye alama ya KEBS, tuma `SM#` na namba ya kibali kwenda 20023 uone kama kibali ni cha kweli.

Muuza Kemikali: Unawaharibia watu biashara. Sabuni zangu ni nzito na wateja wanazipenda.

*Jibu:* Lete mtungi mmoja Kondele tuupime mbele yako. Ukifika sahani 15 nitanunua kwako kila mwezi.

Shangazi wa Dunga: Mwanangu, sisi tunafuta sahani kwa maganda ya ndizi kabla ya kuosha. Sabuni hudumu sana.

*Jibu:* Asante shangazi. Nimejaribu kwa gazeti kuukuu leo asubuhi: sabuni ileile ya tatu, sahani zilizofutwa kwanza, nimefika 31 kabla povu halijafa.